Uchambuzi wa kisa: Orodha ya bei ya duka la sola Kisumu, reti inabadilika na bei inakataa kusonga

Hiki kisa ni cha mapema 2024. Mwenye duka amekubali nikiandike bora nisitaje jina, mtaa, wala kastoma. Bei za bidhaa hapa chini nimezizungusha kidogo ili hesabu isomeke, lakini kila kosa lilitokea vile nimeliandika.

Hali ilivyokuwa

Duka liko Kisumu, linauza paneli, betri, chaja kontrola, inveta na nyaya. Saplaya wao yuko Nairobi na anatuma bei kwa dola, halafu siku ya kulipa anakwambia leo dola naihesabu kwa ngapi. Duka nalo linauza kwa shilingi. Bidhaa zilikuwa 86. Kila reti ikisonga, kijana wa kaunta alikuwa anashika kalkuleta ya simu na kupiga moja moja, anaandika kwa kitabu, na akifika ya arobaini kastoma ashaingia na hesabu imeishia hapo. Kwa hivyo nusu ya kitabu ilikuwa na bei mpya na nusu bei ya zamani, na hakuna mtu alijua mpaka unaishia wapi.

Mnakumbuka hiyo Januari dola ilikuwa imegonga 160 hivi. Katikati ya Februari serikali ikauza Eurobond mpya ili inunue sehemu ya ile iliyokuwa inaiva Juni, na shilingi ikaanza kupanda kwa kasi ambayo wengi wetu hatukuwa tumeizoea. Duka lilikuwa limezoea reti ya kupanda polepole, ambapo ukichelewa kubadilisha bei unaumia kidogo tu. Sasa ilikuwa inashuka kwa siku.

Jaribio la kwanza

Kijana hakuningoja. Alifungua Eksel na akapanga vizuri kabisa: `B1` reti, `B2` faida asilimia 25, `B3` tarehe ya reti, mstari wa tano vichwa, na bidhaa kuanzia mstari wa sita mpaka wa 91. Safu ya A kodi, B jina la bidhaa, C bei ya dola, D bei ya shilingi. Kwa `D6` akaandika hii, faida akasema ataiongeza baadaye:

```
=C6*B1
```

Paneli ya wati 200 ilikuwa dola 52, reti 160, ikatoka 8,320. Sawa. Akashika ile kona ya seli akavuta chini mpaka mwisho, na mama mwenye duka akanipigia simu. "Mwalimu, hii mashini imenitusi. Chaja kontrola inasema milioni moja na laki saba."

Nilipofika nilicheka, lakini hiyo orodha ilikuwa somo zuri kuliko yote ningeweza kupanga. Angalia vile zilifuatana:

- `D6` paneli: 8,320
- `D7` betri ya dola 110: 27.5
- `D8` kontrola ya dola 38: 1,721,248
- `D9`: 0
- `D10` kwenda chini: `#VALUE!`

Ukivuta fomula chini, Eksel inasogeza kila anwani ndani yake mstari mmoja. `C6` kuwa `C7` ndiyo tunataka. Lakini `B1` nayo imekuwa `B2`, kwa hivyo betri imezidishwa na faida ya 0.25. Mstari unaofuata umezidishwa na `B3`, ambayo ni tarehe, na Eksel huweka tarehe kama idadi ya siku, sasa tarehe 5 Januari 2024 kwake ni 45296. Mara 38, hiyo hapo milioni yako. `B4` haina kitu, ikatoa sufuri. Kuanzia hapo kwenda chini inazidisha dola na maneno, kwanza kichwa "Bidhaa" halafu majina ya paneli na betri, ndiyo `#VALUE!` ikajaa. Ukiona mfululizo kama huo, wa kwanza uko sawa halafu wengine wanapotea kila mtu na njia yake, usitafute kosa kwa bei. Seli ya reti haijafungwa.

Kuifunga ni alama ya dola mbele ya safu na mbele ya mstari, `$B$1`. Ukiwa umeweka mshale ndani ya hiyo anwani unabonyeza F4 na Eksel inaweka yenyewe, ingawa laptopu nyingi zinataka ushike Fn pia, na kwa simu unaandika kwa mkono. Kuna njia ya kuipa seli jina, uandike `Reti` badala ya `$B$1`, na inasomeka poa. Sikuitumia kwa sababu kijana alikuwa ndiyo tu ameelewa alama ya dola na sikutaka kumpatia kitu cha pili siku hiyo hiyo.

Tulivyoijenga upya

Baada ya kufunga, mistari 15 bado ilibaki `#VALUE!`. Hapa watu wengi huanza kuandika fomula upya wakati fomula haina shida. Shida ilikuwa kwa zile dola zenyewe. Orodha ya saplaya ilikuja kwa PDF, kijana akakopi akapesti, na bei zingine ziliingia zikiwa maneno: `USD 52.00`, au 52.00 yenye nafasi isiyoonekana nyuma yake. Kwa macho utasema ni namba. Dalili ya haraka ni kwamba zimeegemea kushoto kwa seli, namba halisi huegemea kulia kama hujagusa mpangilio. Dalili ya uhakika ni kuhesabu:

```
=COUNTA(C6:C91)
=COUNT(C6:C91)
```

Ya kwanza inahesabu seli zenye kitu chochote, ya pili zenye namba pekee. Zetu zilisema 86 na 71. Hapo hakuna kubishana tena, 15 ni maneno. Tukaweka safu ya muda pembeni na fomula hii:

```
=VALUE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(C6,"USD",""),CHAR(160),""))
```

`CHAR(160)` ndiyo ile nafasi mkaidi inayotoka kwa PDF na kurasa za mtandao. `TRIM` haiiondoi, na mimi mwenyewe nilishawahi kupoteza jioni nzima kwa hiyo, kwa hivyo siku hizi naanza nayo. Halafu tukakopi matokeo tukayarudisha kwa C kama namba tupu kupitia `Paste Special` kisha `Values`, na safu ya muda tukafuta.

Fomula ya bei tukaimalizia hivi:

```
=CEILING(C6*$B$1*(1+$B$2),50)
```

`CEILING` inapandisha bei mpaka hamsini inayofuata. Kijana alikuwa anataka aondoe tu desimali kwa ile batani ya kupunguza sifuri, lakini hiyo inabadilisha sura ya namba, haibadilishi namba. Ungeona 9,425 kwa skrini na ndani ni kitu kingine, kisha jumla ya invoisi inakataa kulingana na kalkuleta ya kastoma na mnaonekana wezi wa shilingi mbili.

Tukabishana pia reti gani inaingia `B1`. Kijana alitaka ya Benki Kuu kwa sababu iko kwa mtandao kila siku. Mama akakataa na nilikubaliana naye: saplaya hamuuzii kwa reti ya Benki Kuu, anamuuzia kwa yake. Kwa hivyo `B1` ni reti ya saplaya na `B3` ni tarehe aliyoitaja kwa simu. Mwisho tukaweka `Data Validation` kwa `B1` ikubali 100 hadi 200 pekee, tukafunga shiti nzima tukaacha `B1` na `B3` wazi. (Hiyo `Data Validation` inazuia ukiandika, lakini ukipesti inakuangalia tu ukipita.)

Siku bei iligoma

Wiki ya tatu ya Februari saplaya akasema 145. Kijana akaandika 145 kwa `B1`, akabonyeza Enter, na paneli ikabaki 10,400. Hakuona, na kwa nini aangalie, si tulimwambia inajibadilisha. Fundi mmoja kutoka Kakamega akapiga simu asubuhi akaambiwa 10,400. Jioni kijana akamtumia orodha yote kwa WhatsApp na paneli ilikuwa 9,450. Fundi akauliza, "Nyinyi mnafanya biashara ama mnacheza?"

Kilichonisumbua ni kwamba kijana akinitumia faili jioni, kwangu inafanya kazi bila shida. Nabadilisha `B1`, bei zote zinaruka. Siku mbili nilikuwa na uhakika ni yeye anakosea. Siku ya tatu nikaenda dukani asubuhi nikasimama nyuma yake, na nikaona neno moja dogo chini kushoto kwa dirisha la Eksel: `Calculate`.

Hiyo mashini kila asubuhi inafunguliwa kwanza faili ya stoki ya mhasibu. Faili ni nzito, na mhasibu aliiweka isijihesabu yenyewe ili isikwame. Sasa Eksel inachukua tabia ya faili ya kwanza uliyofungua na inaipa kila faili nyingine utakayofungua baadaye. Orodha yetu ikifunguliwa ya pili inalala usingizi wa faili ya mhasibu. Unabadilisha reti, bei zinabaki za jana, hakuna kosa, hakuna rangi nyekundu. Na kwa nini jioni zilikuwa sawa? Kwa sababu Eksel, hata ikiwa kwa hali hiyo, kwa kawaida huhesabu upya wakati wa kusevu. Kijana alikuwa anasevu mara moja tu, akifunga duka. Nami kwangu nilikuwa na faili nyingine wazi tayari yenye kujihesabu, ndiyo maana sikuona kitu.

Dawa ya hapo hapo ni F9. Ya kudumu ni `Formulas`, halafu `Calculation Options`, halafu `Automatic`, na orodha ya bei ifunguliwe ya kwanza. Ya pili ni ngumu kulinda kwa sababu inategemea mtu, kwa hivyo tukaweka shahidi. Kichwa cha safu ya D tukakifanya fomula:

```
="Bei kwa reti "&TEXT($B$1,"0.00")
```

Uzuri wake ni kwamba nacho kinalala pamoja na bei. Kama `B1` inasema 145 na kichwa bado kinasema 160.00, unajua hakuna bei hata moja hapo chini imesonga. Kijana hana haja ya kujua menyu, analinganisha namba mbili zilizo karibu.

Invoisi iliyokataliwa

Wiki hiyo hiyo shule moja ya upande wa Vihiga ikaleta LPO. Koteshen walikuwa wamepewa mwisho wa Januari: paneli 6, betri 4, kontrola 1. Kwa reti ya 160 hiyo ni 62,400 na 88,000 na 7,600, jumla 158,000. Kijana akafungua ile koteshen kwa faili, akaigeuza invoisi, akaprinti, akapeleka. Basa akairudisha. Invoisi ilisema 143,400.

Koteshen zilikuwa kwa shiti zingine ndani ya faili hiyo hiyo, na bei zake zilikuwa zinavutwa na hii:

```
=VLOOKUP(A12,BEI!$A$6:$D$91,4,FALSE)
```

Kwa hivyo reti iliposhuka, kila koteshen waliyowahi kuandika ilijiandika upya kimya kimya, hata zile zenye sahihi ya mtu. Na mama hakuwa tayari kupoteza hizo 14,600, na haki alikuwa nayo, kwa sababu mzigo wa shule alikuwa ameshaununua kwa 160. Gharama yake ilikuwa 126,400. Kwa 158,000 anapata 31,600 yake ya kawaida, kwa 143,400 anabaki na 17,000 na usafiri bado.

Kurudisha namba za zamani kulikuwa rahisi kuliko tulivyoogopa. Tukatengeneza nakala ya faili, kwa nakala tukaandika 160 kwa `B1`, na 158,000 ikarudi mpaka shilingi ya mwisho. Basa akapewa invoisi inayolingana na LPO. Lakini ilifaulu kwa sababu dola za saplaya hazikuwa zimebadilika katikati. Zingebadilika, tungekuwa tunakisia.

Toka hapo koteshen ikikamilika, kijana anachagua safu ya bei, anakopi, anapesti `Values` hapo hapo juu yake, na anaandika chini kwa mkono reti iliyotumika, tarehe, na kwamba bei ni ya siku saba. Halafu anaitoa PDF. Koteshen ambayo haijagandishwa haitoki dukani.

Mzigo wa zamani

Hili lilitoka kwa mama mwenyewe, mimi sikuwa nimeliwaza. Alikuwa na paneli 14 stoo zilizonunuliwa kwa 160, yaani 8,320 moja. Kwa reti mpya Eksel inamwambia auze 9,450, faida imekuwa 1,130 badala ya 2,080. Akibaki 10,400, majirani washashusha. Akasema, "Nataka niuze 9,900 hizi ziishe, lakini zingine zifuate dola."

Tukaongeza safu ya E, "reti ya stoki". Ukiacha wazi, bei inafuata `B1`. Ukiandika namba, bidhaa hiyo peke yake inafuata hiyo namba:

```
=CEILING(C6*IF(E6="",$B$1,E6)*(1+$B$2),50)
```

Akaweka 152 kwa paneli na ikatoka 9,900 kamili. Akafurahi sana, akaweka kwa bidhaa zingine nane siku hiyo.

Matokeo

Kubadilisha bei zote 86 sasa ni kuandika reti na tarehe na kuangalia kichwa cha D. Fundi wa Kakamega alirudi. Shule ililipa, ingawa kwa mwendo wa shule.

Upande mwingine, mwanzo wa Aprili reti ya saplaya ilikuwa 132 na paneli ilitakiwa kuwa 8,600. Duka lilikuwa bado linauza 9,900. Zile 14 za zamani ziliisha Machi, mzigo mpya ukaingia kwa reti mpya, na 152 ikabaki imekaa kwa `E6` kama mgeni aliyesahau kwao. Kastoma wawili walikuwa wameuliza bei na kuondoka kabla mtu hajashtuka.

Kilichofanya kazi, kilichofeli

Kufunga `$B$1` na kusafisha dola hakujatusumbua tena hata siku moja. Saplaya akituma PDF mpya, kijana anapesti halafu anaangalia `COUNT` na `COUNTA` kabla ya kitu kingine. Kichwa chenye reti nacho kimefanya kazi kuliko nilivyotarajia, kilinasa bei zilizolala mara mbili baada ya pale, mara moja kwa laptopu ya mama nyumbani ambayo hata sikujua anaifungulia huko.

Kosa langu kubwa lilikuwa mwanzo. Niliuliza ni nini kinatakiwa kubadilika reti ikibadilika, na sikuuliza ni nini hakitakiwi. Koteshen, invoisi na mzigo uliolipiwa tayari, hivyo vyote vina reti yao ya zamani na vinatakiwa kukaa nayo. Ningeuliza hilo siku ya kwanza, zile shiti za koteshen hazingekuwa na `VLOOKUP` hai hata kidogo. Kosa la pili ni kumshuku kijana siku mbili wakati sikuwa nimeona mashini yake. Faili ileile kwa mashini mbili inaweza kuwa na tabia mbili, na nilikuwa najua hivyo.

Safu ya E ndiyo sijaridhika nayo. Ni wazo zuri la mwenye biashara, lakini ni reti tisa zimefichwa ndani ya orodha iliyojengwa ili iwe na reti moja. Tumepaka seli ya D rangi ya chungwa kupitia `Conditional Formatting` kwa sharti hili:

```
=$E6<>""
```

na juu pembeni ya reti tukaweka `=COUNT(E6:E91)` yenye maandishi "zenye reti yao". Siku tuliyoiweka ilisema 9. Tukapita moja moja na mama, kila moja akituma kijana stoo akahesabu, na saba mzigo wake wa zamani ulikuwa umeisha kitambo. Tulizifuta hapo hapo, chungwa ikabaki kwa mbili: inveta moja kubwa ambayo hakuna mtu anaitaka, na roli za waya ambazo mama alisema hatazishusha bei, waya hauozi.